Wiki 12 za ngozi ya bibi harusi, na kwa nini kazi yote iko kwenye 5 za mwanzo

Mtu akisikia habari ya mpango wa wiki 12 wa kuandaa ngozi kabla ya ndoa, huwaza jambo linalopanda: mwanzoni vitu vidogo vidogo, kisha vinaongezeka, hadi wiki ya mwisho ndiyo ya kusafishwa uso saluni, barakoa ya dhahabu na seramu aliyoileta shangazi kutoka Dubai. Mpango unaofanya kazi umepinduka. Kila kitu kipya kinaingia katika wiki 5 za mwanzo, halafu mlango unafungwa, na wiki 7 zinazobaki mtu anarudia yale yale asubuhi na usiku mpaka anachoka nayo. Wengi wakielezwa hivyo huona ni woga wa madaktari. Mimi naona ni hesabu ya siku tu, na mtu yeyote anaweza kuifuata akijua ngozi inachukua muda gani kufanya nini.

Chunusi ya Desemba huanza Oktoba

Tuanze na chunusi, maana ndiyo inayowapeleka wengi dukani. Kipele unachokiona kwenye kioo leo asubuhi hakikuanza jana. Kilianza wiki kadhaa nyuma, ndani ya kitundu cha kinyweleo, pale seli zilizokufa ziliposhindwa kutoka, zikagandana na mafuta ya ngozi na kuziba njia. Kizibo hicho hukaa chini kwa chini bila kuonekana, wiki kadhaa, pengine hata miezi miwili, ndipo siku moja kinapovimba na kuuma. Kwa hiyo chunusi itakayoharibu picha za harusi ya Desemba huenda imeshajipanga usoni tangu mwishoni mwa Oktoba, tena mahali ambapo ukipapasa unahisi ngozi laini kabisa.

Ndiyo maana dawa nzuri za chunusi hazipimwi kwa wiki mbili. Chukua adapalini ya asilimia 0.1, jeli inayoandikwa sana na madaktari wa ngozi. Kazi yake kubwa ni kuzuia vizibo vipya visijengeke. Vile vilivyokwisha kujengeka vitaendelea na safari yake, vingine vitatoka, ndipo uso uanze kutulia. Madaktari huipa wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema imefaa au haikufaa. Tena mwanzo wake una usumbufu. Ngozi hukauka, hubanduka pembeni mwa pua na mdomo, huchoma ukinawa, na wengine hutoka chunusi nyingi kuliko walizokuwa nazo. Hali hiyo hukolea kati ya wiki ya 2 na ya 4, kisha hupungua. Anayeianza wiki 4 kabla ya ndoa amejipangia kubanduka siku ya ndoa. Anayeianza wiki 11 kabla hubanduka akiwa bado anapanda daladala kwenda kazini, na hakuna anayempiga picha.

Halafu kuna madoa. Kwenye ngozi nyeusi, kila uvimbe, mkwaruzo au upele huacha alama, kwa sababu seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zikichokozwa humwaga rangi zaidi ya kawaida. Doa lililo juu juu hufifia kwa miezi, mara nyingi kuanzia 3 hadi 12. Lililozama chini hukaa zaidi ya hapo. Wiki 12 za kutulia na kujikinga na jua zinaweza kulipunguza doa kiasi cha fandesheni nyepesi kulifunika. Kulifuta kabisa ni suala jingine, na anayekuahidi hivyo mtazame kwa shaka. Lakini kilicho muhimu zaidi kwa hesabu yetu ni upande wa pili wa jambo hilo: doa jipya linaloingia mwezi mmoja kabla ya harusi halina muda wa kutoka. Utaolewa nalo.

Krimu inayokubali siku tano

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Watu wengi hujaribu bidhaa kwa siku 3 au 5, wakiona hakuna kitu wanasema imenikubali. Kwa ngozi kuchomwa na kitu kikali, kipimo hicho kinatosha kiasi, maana mchomo huja mapema, ndani ya dakika, saa au siku chache. Kwa mzio, yaani aleji, hakitoshi hata kidogo.

Aleji ya ngozi hujengeka kwa kufundishwa. Mara ya kwanza kemikali fulani, mara nyingi manukato au kihifadhi kilichomo kwenye krimu, inapoingia kwenye ngozi, seli za ulinzi huichukua na kuipeleka kwenye matezi. Huko seli nyingine hufundishwa kuitambua kemikali hiyo kama adui, zikaongezeka na kurudi kwenye ngozi. Mafunzo hayo huchukua kama siku 10 hadi 14, na wakati wote huo mtu hahisi lolote. Anapaka, ananukia vizuri, anawaambia marafiki zake kwamba krimu ni nzuri. Yakishakamilika, mpako unaofuata ndio unaoleta balaa, kwa kawaida baada ya saa 24 hadi 72. Na ukishakuwa na aleji ya kitu, ni nadra ikuache. Kila ukikutana nacho tena utasubiri siku hizo moja mpaka tatu tu.

Sasa weka hesabu. Bibi harusi anaanza krimu mpya siku 21 kabla ya ndoa. Siku ya 14 ya kupaka, zikiwa zimebaki 7, uso unaanza kuwasha na kutoka vipele vidogo vidogo. Akiacha krimu siku hiyo hiyo na kutibiwa vizuri, upele huchukua wiki 2, pengine 3, kutulia. Doa litabaki baada ya hapo. Alidhani wiki tatu ni nyingi, kumbe ndizo zilizomweka pabaya. Angeianza siku 2 kabla, huenda aleji isingewahi kufika, ingawa bado angekuwa kwenye hatari ya mchomo wa kawaida au ya kemikali ambayo ngozi yake iliifahamu zamani bila yeye kujua.

Ukijumlisha wiki 2 za mafunzo, siku 3 za kulipuka na wiki 2 za kutulia, unafika wiki 4 na ushei. Hicho ndicho kima cha chini cha kufunga mlango. Kwa dawa zenye nguvu kama adapalini, wiki 8 ndizo salama.

Hesabu huanzia kwenye shughuli ya kwanza

Kosa la kalenda nyingi ni kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya ndoa. Kwa Dar es Salaam harusi ina siku zaidi ya moja. Kuna kicheni pati, kuna sendofu, ndipo ndoa na tafrija yake, na katika zote picha zinapigwa na uso unapakwa mekapu nzito. Mlango ufungwe wiki 4 kabla ya shughuli ya kwanza ambayo bibi harusi atapambwa.

Tuchukue mfano. Binti wa miaka 27, uso wa mafuta, chunusi za kwenye kidevu na mashavu zinazoacha madoa. Ndoa yake ni Jumamosi tarehe 19 Desemba, sendofu tarehe 12 Desemba, kicheni pati tarehe 28 Novemba. Wiki 12 kabla ya ndoa ni tarehe 26 Septemba, na wiki 4 kabla ya kicheni pati ni tarehe 31 Oktoba. Kwa hiyo dirisha lake la kuingiza vitu vipya ni kati ya tarehe hizo mbili, wiki 5 kamili.

Tarehe 26 Septemba kazi ya kwanza ni kuondoa. Skrabu ya chembechembe inatoka, tona yenye spiriti inatoka, limau inatoka. Sabuni na losheni alizozitumia miaka yote bila tatizo zinabaki kama zilivyo, kwa sababu kubadilisha kitu kinachomfaa ni kujitafutia kazi. Wiki hiyo hiyo anamwona daktari wa ngozi, anaandikiwa adapalini ya usiku na krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 20 kwa ajili ya asubuhi. Hii ya pili inasaidia chunusi na madoa kwa pamoja na huvumiliwa na watu wengi. Daktari atamuuliza kama ana mimba au anaitarajia karibuni, na asione aibu kujibu: adapalini huachwa kwa mjamzito, ilhali asidi ya azelaiki hukubalika.

Jumatatu tarehe 28 anaanza adapalini, usiku wa Jumatatu na wa Alhamisi tu. Kipimo ni punje moja ya njegere kwa uso mzima, juu ya ngozi iliyokauka vizuri, kisha losheni juu yake. Si kugusa kila kipele kwa ncha ya kidole. Dawa inazuia chunusi ambazo bado hazijaonekana, kwa hiyo inapakwa kila mahali zinapoweza kutoka. Wakati huo huo anapima krimu ya kukinga jua kwenye mkono wa kushoto, upande wa ndani wa kiwiko, mara 2 kwa siku kwa siku 10, na ile ya azelaiki kwenye mkono wa kulia. Kila mkono na bidhaa yake, ili ikiwasha ajue ni ipi.

Tarehe 8 Oktoba kinga ya jua inahamia usoni, ya SPF 30 au zaidi. Hapa inafaa kusimama kidogo, maana wengi wetu huambiwa ngozi nyeusi haihitaji. Kwa hatari ya kuungua, kweli tunayo kinga kubwa kuliko weupe. Kwa madoa hatuna. Mwanga wa jua, pamoja na ule tunaouona kwa macho, huchochea rangi ya ngozi, na krimu nyingi zinazopakwa bila kuacha rangi huzuia miale isiyoonekana tu. Zilizotiwa rangi ya kahawia zina oksaidi ya chuma, ambayo huzuia na huo mwanga unaoonekana, na zinaondoa lile tatizo la uso kuwa kijivu kama aliyepakwa majivu. Kiasi chake ni mistari miwili iliyonyooka kwenye kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Wengi hupaka robo ya hapo wakidhani wamejikinga.

Tarehe 12 Oktoba adapalini inakuwa usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Tarehe 20 azelaiki inaingia asubuhi, siku moja ndiyo moja hapana kwa wiki ya kwanza. Kati ya mabadiliko hayo kuna siku za kutosha kujua nani amefanya nini. Anayeanza vitu vitatu siku moja hawezi kujua kipi kimemdhuru, atalazimika kuacha vyote.

Katikati ya hayo, Jumamosi tarehe 17 Oktoba, kuna jaribio la mekapu, nalo ni sehemu ya mpango wa ngozi kuliko watu wanavyodhani. Nitalirudia.

Tarehe 31 Oktoba mlango unafungwa. Kabla ya hapo ananunua akiba. Bomba la gramu 30 la adapalini litamfikisha Desemba na kubaki. Kinga ya jua ya mililita 50, ukipaka kiasi kinachotakiwa, hudumu mwezi mmoja hivi, kwa hiyo anahitaji mbili zaidi. Akiba ina sababu mbili: Desemba akiishiwa atachukua chochote kilichopo dukani, na chupa mpya yenye jina lile lile huweza kuwa imebadilishwa mchanganyiko, au ikawa ya bandia. Azilinganishe orodha za viambato nyuma ya pakiti kabla ya kulipa.

Baada ya hapo, wiki 7 za kurudia. Kufikia kicheni pati ameshatumia adapalini karibu wiki 9, ubandukaji umekwisha, chunusi mpya ni chache. Usiku 3 au 4 kabla ya kila shughuli ataipumzisha ili fandesheni isishike kwenye magamba. Akipanga kutoa nywele za usoni kwa waksi, aiache wiki nzima kabla, kwa sababu ngozi iliyozoea dawa hiyo hung'oka pamoja na waksi na kuacha kidonda. Kutinda nyusi kwa uzi kuna hatari ndogo, lakini nako afanye siku 3 kabla, kamwe si asubuhi ya sherehe.

Vipya visivyohesabiwa kuwa vipya

Wanaofuata kanuni hii kwa uaminifu huvunja miiko yao kwa vitu wasivyoviita bidhaa za ngozi. Kikubwa ni begi la mpambaji. Siku ya ndoa uso unapakwa praima, fandesheni, kifuniko cha madoa, poda na dawa ya kunyunyiza ili mekapu isitoke, tabaka juu ya tabaka, kwa saa 10 au zaidi, kwenye joto la Desemba. Hakuna siku nyingine katika mwaka ngozi inakutana na vitu vipya vingi hivyo kwa mpigo. Jaribio la mekapu linalofaa ni lile unaloondoka nalo usoni, unakaa nalo saa 6 au 7, unatoka jasho, kisha unaupa uso siku 3 kabla ya kutoa hukumu. Mpambaji apewe masharti kwamba atakavyotumia Desemba ni vile vile. Gundi ya kope apewe umakini wa pekee: kuna zenye mpira wa asili, kuna zenye sianoakrileti, na kope za macho ni mahali penye ngozi nyembamba kuliko pote mwilini. Mtu hupata kope zilizovimba hata kwa rangi ya nywele au ya kucha, maana mikono hugusa macho bila kujijua.

La pili ni singo. Kwa mwari wa Unguja au Mombasa, siku za kusingwa ni sehemu ya harusi yenyewe, na simshauri mtu kuzifuta. Ninachosema ni kwamba singo isianze wiki ya mwisho. Ndani yake kuna liwa, karafuu, asumini, mawaridi, mlangilangi, na kila somo, yaani mwanamke anayemfunda na kumsinga mwari, ana mchanganyiko wake. Karafuu ina yujenoli, mojawapo ya manukato yanayojulikana sana kwa kuleta aleji. Somo akisema, "Mwanangu, hii haina kemikali, ni majani na maua tu," amesema kweli kuhusu kiwanda, lakini ngozi haiulizi kitu kimetoka wapi. Mwambie akusingie mkono mmoja mwezi Oktoba, kwa mchanganyiko ule ule. Ukitulia, endelea mwilini. Uso uachwe, na ngozi iliyotoka kunyolewa au kupigwa waksi iachwe siku mbili. Hata hivyo pwani ina desturi moja ambayo madaktari wangeiandika kwenye cheti: kumweka mwari ndani siku za kabla ya ndoa, mbali na jua.

Limau linahitaji onyo lake. Maji ya limau au ndimu yana viini ambavyo vikipigwa na jua juu ya ngozi huunguza. Mtu anajisugua asubuhi, anatoka, na baada ya siku moja au mbili ngozi inaungua, pengine inatoa malengelenge, halafu inabaki nyeusi kwa wiki au miezi. Hii haihitaji aleji, inampata yeyote.

Na kuna piko. Hina halisi ni unga wa kijani, hukaa mkononi saa nyingi, hutoka na rangi ya machungwa inayokolea kuwa kahawia kwa siku moja au mbili. Ukichorwa maua meusi tii yanayoshika ndani ya saa moja, hiyo ni piko, yaani rangi ya nywele yenye PPD. Kwa kemikali hii kanuni ya kujaribu mapema inageuka. Kila mguso wa PPD kwenye ngozi unaweza kuwa ndio unaoifundisha kuikataa, kwa hiyo jaribio lenyewe ni hatari, na hata likipita salama mara ya kwanza, ya pili ndiyo inayoweza kutoa malengelenge yaliyofuata mstari wa ua petali kwa petali. Baada ya kupona huacha alama, nyeusi au nyeupe, na mtu hubaki na aleji ya rangi za nywele maisha yake yote. Kwa maoni yangu bibi harusi achorwe hina ya kahawia na piko iachwe kabisa. Watakaosema haionekani vizuri kwenye picha wapo, semeni nao mapema.

Anayetumia mkorogo ana kalenda nyingine

Hesabu zote hizi zinamhusu mtu ambaye hatumii krimu za kujichubua. Mikorogo mingi huwa na steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, na mara nyingine vyote pamoja. Mkataba wa Minamata unapiga marufuku vipodozi vilivyotiwa zebaki, na mamlaka za Tanzania na Kenya huvikamata, lakini vinauzwa. Anayetumia steroidi usoni kwa miezi akiiacha ghafla, ngozi hulipuka ndani ya siku au wiki chache: inawaka, inavimba, inatoka chunusi nyingi, na hali hiyo inaweza kuchukua miezi. Akiiacha wiki 6 kabla ya ndoa kwa nia njema, anaweza kufika ukumbini akiwa katika kilele cha mlipuko huo. Dalili za kuitambua ni ngozi iliyogeuka nyembamba, mishipa inayoonekana mashavuni, vinyweleo vipya na chunusi zinazofanana zote. Huyu asipange mwenyewe. Amwone daktari wa ngozi siku ile ile tarehe ya ndoa inapotajwa, aseme kweli anachopaka, abebe na kikopo chenyewe. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa kanda hii tangu 1992, na hospitali kubwa za mijini nazo zina kliniki. Zebaki iachwe mara moja, harusi au hakuna harusi, maana huharibu figo na hupita kwa mtoto tumboni.

Kikitokea kitu mlango ukiwa umefungwa

Kwanza ujue unaangalia nini. Vitabu vingi husema ngozi iliyodhurika huwa nyekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haupo au ni hafifu. Tazama giza lililozidi, mng'ao wa ajabu, ukavu unaokwaruza kama msasa, na joto ukiweka kiganja. Kinachochoma kikibaki pale pale ulipopaka na kupungua ukipunguza dozi, hicho ni mchomo. Kinachowasha, kinachotoa vipele vidogo, kinachovuka mpaka wa mahali ulipopaka na kuongezeka kila mara, hiyo yaelekea ni aleji. Kwa mchomo wa adapalini, pumzika usiku 3 au 4, paka losheni tu, rudi taratibu. Kwa aleji acha kila kitu isipokuwa maji na vaselini, umwone daktari, asije mtu akakuongezea dawa ya tano juu ya nne zilizokuudhi. Uso ukivimba ghafla au pumzi ikibana, ni hospitali wakati huo huo.

Bwana harusi naye huwa na lake moja, vipele vya ndevu. Vinatokana na nywele zilizokatwa chini sana zikajikunja na kurudi kuchoma ngozi, na dawa yake ni muda: aache wembe wiki 4 kabla, atumie mashine inayoacha kama milimita 1, na kinyozi wa siku ya ndoa apewe agizo hilo kabla hajawasha mashine. Mafuta ya baada ya kunyoa aliyopewa zawadi yasubiri.

Inabaki ile chunusi kubwa inayokuja Alhamisi wakati ndoa ni Jumamosi. Daktari anaweza kuichoma sindano ya steroidi hafifu ndani yake, nayo huanza kushuka kwa siku moja au mbili. Kasoro yake ni kwamba dozi ikizidi huacha shimo dogo au baka jeupe linalokaa miezi, kwa hiyo ni kazi ya daktari anayejua ngozi nyeusi, na mimi ningeihifadhi kwa chunusi inayouma kweli. Nyingine iachwe. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika chache kisha unapumzika, hupunguza uvimbe kidogo. Kukamua ndiko kunakoharibu, maana mpambaji hufunika rangi ya kipele kizima kwa dakika mbili, lakini kilichokamuliwa kina maji na ngozi inayobanduka, na hapo fandesheni haikai hata ipakwe mara ngapi.